Kulinganisha bei kwa Kichina: bǐ na njia tatu za kuikanusha

Mtu anayenunua mabegi Sanyuanli, mjini Guangzhou, anaweza kupita maduka mengi kwa kidole na kikokotoo tu. Ananyoosha kidole, muuzaji anabonyeza bei, yeye anabonyeza yake, wanakutana mahali. Kinachokishinda kikokotoo ni kueleza kwamba begi hili ni kubwa kuliko lile lakini halina uimara wake, au kwamba duka la jirani halifiki bei hiyo. Hapo ndipo linapohitajika neno la kulinganisha, 比, bǐ, na hapo ndipo wanafunzi wetu wa Kichina wanapokwama, hasa wanapotaka kukanusha.

Tuchukue mabegi mawili ya mgongoni katika duka moja. La kijivu linauzwa yuani 35, jeusi yuani 28. Kwa Kiswahili tunasema "la kijivu ni ghali kuliko jeusi": sifa kwanza, kisha kuliko, kisha kile tunacholinganishia. Kichina cha taifa, yaani Putonghua, kinageuza mpangilio huo:

灰的比黑的贵。
Huī de bǐ hēi de guì.

Neno kwa neno ni "la kijivu – bǐ – jeusi – ghali". Vitu viwili vinavyolinganishwa vinasimama kwanza, bǐ katikati yao, na sifa inakuja mwisho. Hakuna "ni" popote, kwa hiyo mwanafunzi asitafute pa kuchomeka shì. Kosa la kawaida la msemaji wa Kiswahili ni kufuata mpangilio wa kwao na kusema Huī de guì bǐ hēi de. Muuzaji atakisia maana, ila sentensi imevunjika. Ajabu ni kwamba huko huko Guangzhou mwanafunzi anaweza kusikia wenyeji wakisema sifa kwanza: "ghali", kisha neno la kuzidi, kisha jina la kitu. Hicho ni Kikantoni, lugha ya eneo hilo, ambayo katika jambo hili inafanana zaidi na Kiswahili. Usiichukue ukaipeleka kwenye mtihani wa Putonghua.

Na matamshi kidogo, kwa kuwa ni neno moja litakalosemwa mara nyingi. Herufi b ya Kichina haina mngurumo wa b yetu. Iko karibu zaidi na p ya "paa la nyumba". Herufi p ya Kichina ndiyo inayotoka na pumzi, kama watu wa pwani wanavyotamka "paa" yule mnyama wa porini. Toni ya bǐ ni ya tatu, ile ya chini.

Ukitaka kutaja tofauti ni kiasi gani, kiasi hicho hukaa baada ya sifa, bila neno lolote la "kwa":

灰的比黑的贵七块。
Huī de bǐ hēi de guì qī kuài.
La kijivu ni ghali kuliko jeusi kwa yuani saba.

Kuài ndilo neno la mdomoni la yuani. Yuán utaliona zaidi kwenye maandishi. Vipimo vinafuata njia hiyo hiyo. Begi refu kwa sentimita tano ni cháng wǔ límǐ, na kiatu kinachozidi kingine kwa saizi moja ni dà yí hào. Kama huna namba, weka yìdiǎnr kwa tofauti ndogo au de duō kwa tofauti kubwa, nayo pia baada ya sifa: guì yìdiǎnr, guì de duō.

Kinachokatazwa ni hěn. Mwanafunzi amezoea kusema hěn guì, "ghali sana", akidhani anaweza kuipachika popote. Ndani ya sentensi ya bǐ haiingii, wala fēicháng, wala tài. Sababu yake ni rahisi kuiona: hěn hupima kitu peke yake, na bǐ imekwisha kukipima kwa kukilinganisha na kingine. Unayemsikia akisema bǐ hēi de hěn guì bado anafikiri kwa Kiswahili, ambako "ghali sana kuliko" hupita bila taabu.

Jambo moja kuhusu bei, kabla ya kukanusha. Bidhaa ndiyo inayokuwa guì au piányi, yaani ghali au rahisi. Bei yenyewe, jiàgé, kwa Kichina kilichonyooka huwa gāo au dī, juu au chini. Watu wengi huzichanganya wakiongea, lakini katika maandishi zitenganishe.

Sasa tukanushe. Kiswahili kina sentensi moja inayobeba mengi: "jeusi si ghali kuliko la kijivu". Huenda bei zao ni sawa, huenda jeusi ni rahisi zaidi, hatulazimiki kuchagua. Kichina kinatulazimisha. Mwanafunzi hujaribu kwanza kuweka bù, "si", mbele ya sifa, Hēi de bǐ huī de bú guì, na hiyo haisemwi hivyo. Ukanushaji haukai kwenye sifa. Ama unashika nafasi ya bǐ yenyewe, ama unaitangulia.

Njia ya kawaida, ambayo ningependa mwanafunzi aizoee kabla ya nyingine zote, ni 没有, méiyǒu:

黑的没有灰的贵。
Hēi de méiyǒu huī de guì.

Njia bora ya kuielewa ni kitenzi chetu "kutofikia": jeusi halifikii la kijivu kwa ughali. Maana yake ni ya uhakika, kwamba jeusi liko chini. Ukiuliza, unaweza kuondoa kanusho na kubaki na yǒu: Hēi de yǒu huī de dà ma? Je, jeusi linafikia la kijivu kwa ukubwa? Na kwa kuwa méiyǒu inasema tu kwamba kiwango hakikufikiwa, haikubali kiasi nyuma yake. Huwezi kusema méiyǒu huī de guì qī kuài. Ukizihitaji hizo yuani saba, rudi kwenye bǐ na ugeuze sifa: Hēi de bǐ huī de piányi qī kuài, jeusi ni rahisi kwa yuani saba.

Dukani méiyǒu ina mtego mwingine, kwa sababu neno hilo hilo ndilo "hakuna". Méiyǒu dà de ni "hakuna kubwa", maongezi yameisha. Méiyǒu nàge dà ni "si kubwa kama lile", maongezi yanaendelea. Tofauti iko kwenye kinachofuata. Ukisikia sifa na de, yaani dà de, kinachozungumzwa ni kitu kinachokosekana. Ukisikia kitu kingine kikitajwa, kisha sifa ikabaki peke yake mwishoni, ni ulinganisho. Wapo wanaoondoka dukani kwa kusikia méiyǒu tu, kumbe muuzaji alikuwa anataka kuwaonyesha jingine.

Njia ya pili ni 不比, bùbǐ. Kwa sura yake inaonekana kuwa ndiyo kanusho halali la bǐ, na kwa hiyo wanafunzi huikimbilia. Kwa matumizi ndiyo adimu kati ya hizi tatu. Inasema tu kwamba kitu hakizidi kingine: huenda viko sawa, huenda kiko chini kidogo. Hapa inakaribiana sana na ile "si ghali kuliko" yetu, ila ina kazi maalumu, kukataa jambo ambalo mwenzako amelisema au unahisi analifikiri. Ukiitumia bila mtu yeyote kudai chochote, unasikika kama mtu anayejitetea.

Ya tatu ni 不如, bùrú, nayo ni hukumu ya ubora: hiki kinazidiwa na kile. Inaweza kusimama bila sifa yoyote, Zhège bùrú nàge, na kila mtu anaelewa kwamba cha pili ni bora. Ukiongeza sifa, iwe ile inayotamaniwa, kama hǎo, nzuri, au jiēshi, imara. Chà, mbovu, haikai hapo, kwa kuwa hakuna anayeshindania ubovu.

Tuziweke zote tatu katika mabishano ya kubuni. Mteja ameona begi kama lile la kijivu duka la jirani kwa yuani 33. Anarudi na kumwita muuzaji lǎobǎn, kama tunavyosema "bosi" au "tajiri":

– 老板，他们的没有你的贵。 Lǎobǎn, tāmen de méiyǒu nǐ de guì. (Bosi, ya kwao haifikii bei yako.)

– 我们的不比他们的贵。 Wǒmen de bùbǐ tāmen de guì. (Sisi hatuwazidi kwa bei.)

– 你的比他们的贵两块。 Nǐ de bǐ tāmen de guì liǎng kuài. (Yako imezidi kwa yuani mbili.)

– 他们的质量不如我们的。 Tāmen de zhìliàng bùrú wǒmen de. (Ubora wa ya kwao haufikii wa yetu.)

Sikiliza alichofanya muuzaji. Kwa bùbǐ hakudai kuwa yeye ni rahisi zaidi. Alikataa tu kuitwa ghali. Angekuwa rahisi kweli angesema bǐ tāmen de piányi, na pengine angetaja kwa kiasi gani. Mteja alijibu vizuri kwa kurudi kwenye bǐ yenye namba, kwa kuwa namba haibishiwi kirahisi. Muuzaji akahama kutoka bei hadi ubora, akachagua bùrú. Kuanzia hapo zinazojadiliwa ni zipu na mishono.

Mteja huyo akiambiwa kuhusu begi la ngozi la yuani 105, atakutana na neno bèi, maradufu. Hapa pesa hupotea. Guì yí bèi haimaanishi "bei ile ile mara moja"; maana yake ni kuongeza bei ya mwanzo yote juu yake, yaani 35 inakuwa 70. Guì liǎng bèi inafika 105, kwani unaongeza 35 mara mbili. Lakini ukitumia shì badala ya bǐ, Shì huī de sān bèi, ni mara tatu ya la kijivu, na jibu ni lile lile 105. Yaani kwenye bǐ unahesabu nyongeza tu, kwenye shì unahesabu jumla. Wachina wenyewe wanapoongea kwa haraka huzichanganya, kwa hiyo ukisikia bèi omba bei kamili iandikwe.

Punguzo nalo lina hesabu yake. Dǎ bā zhé si kupunguziwa asilimia 80. Ni kulipa sehemu nane za kumi. Begi la kijivu la yuani 35 likipewa bā zhé linashuka hadi 28, bei ya jeusi, na hapo bǐ haina kazi tena kwenye bei:

灰的跟黑的一样贵。
Huī de gēn hēi de yíyàng guì.
La kijivu na jeusi bei ni moja.