Upatanisho unaopotea katikati ya sentensi ndefu

Mwezi uliopita nilipokea rasimu ya ripoti ya kurasa 40 niihariri, na katika ukurasa wa tatu nikakuta sentensi ambayo tangu siku hiyo naitumia kuwafundishia wahariri chipukizi wanaonitembelea hapa Nairobi. Majina ya mahali nimeyabadilisha, lakini muundo ni ule ule:

"Mradi wa ukarabati wa madarasa ya shule za msingi katika maeneo ya Kasarani na Embakasi, ambao kamati za wazazi, baada ya mikutano mitatu iliyofanyika Februari, zilipendekeza uanze kabla ya muhula wa pili, zimeahirishwa."

Kilichoahirishwa ni mradi, si kamati, kwa hiyo kitenzi cha mwisho kilipaswa kuwa "umeahirishwa". Kusema hivyo ni rahisi mara kosa linapokwisha kuonekana; kazi kubwa ni kuliona. Programu ya kukagua tahajia haiwezi kulinasa, kwa kuwa "zimeahirishwa" ni neno sahihi kabisa likisimama peke yake. Mwandishi mwenyewe aliniambia, "Mwalimu, niliisoma mara tatu na sikuona tatizo lolote," nami nilimwamini, kwa sababu anayejua alichokusudia kusema huisoma maana iliyo kichwani mwake, si viambishi vilivyo kwenye karatasi.

Ninapofika kwenye sentensi ya namna hii sianzi na kiima, ingawa ndivyo wengi tulivyofundishwa. Naanza na vitenzi. Navipigia mstari vyote, kisha nakitafutia kila kimoja mwenyewe. Hapa viko vinne: "iliyofanyika", "zilipendekeza", "uanze" na "zimeahirishwa". Cha kwanza kina kirejeshi "-yo-" ndani yake, kwa hiyo kazi yake ni kuieleza nomino iliyokitangulia, yaani mikutano, na kiambishi "i-" kinapatana nayo vizuri. Cha pili kimo ndani ya kishazi kilichofunguliwa na "ambao", na waliopendekeza ni kamati za wazazi, kwa hiyo "zi-" ni sawa. Cha tatu, "uanze", kinasema kilichopendekezwa kuanza, nacho ni mradi, kwa hiyo "u-" ni sawa pia. Kinabaki kitenzi kimoja kisicho na kirejeshi na kisichokuwa ndani ya kishazi cha "ambao". Hicho ndicho kitenzi kikuu, na ndicho ambacho bado hakijapata mwenyewe.

Baada ya hapo narudi mwanzoni mwa sentensi kutafuta nomino iliyo huru. Nomino iliyotanguliwa na a-unganifu, yaani "wa", "ya", "za", "cha" na wenzake, au na maneno kama "katika" na "baada ya", kwa kawaida haiwezi kuwa kiima cha kitenzi kikuu, kwa sababu imekwisha kufungwa kwenye nomino nyingine au kwenye kielezi. Ukarabati umetanguliwa na "wa", madarasa pia yametanguliwa na "wa", shule zimetanguliwa na "ya", na maeneo yametanguliwa na "katika". Zinabaki nomino mbili tu zilizo huru, mradi na kamati, na kamati tayari ina kitenzi chake. Jibu linajitokeza bila kubahatisha.

Nataka kukaa kidogo kwenye chanzo cha kosa hili, kwa sababu maelezo tunayoyatoa mara nyingi, kwamba kitenzi huvutwa na nomino iliyo karibu nacho, hayatoshi. Nomino iliyo karibu zaidi na "zimeahirishwa" ni muhula. Muhula uko katika ngeli ya U-I, na lau mwandishi angevutwa nao, angeandika "umeahirishwa" na kupatia kwa bahati tu. Kilichomvuta ni kiima cha kishazi cha katikati, yaani kamati, kwa kuwa kamati ndizo zilizokuwa zikitenda mara ya mwisho, na kiambishi chao kilikuwa bado kiko mkononi mwake alipofika mwisho. Kwa hiyo ninapohariri silinganishi kitenzi kikuu na jirani yake peke yake. Nakilinganisha hasa na kitenzi cha kishazi kilichokatiza sentensi, na viambishi vya vitenzi hivyo viwili vikifanana, nasimama na kuuliza kama kweli vina mwenyewe mmoja.

Kuna aina ya pili ya kosa ambayo sisi wa Nairobi tunaijua kuliko wengi. Katika mazungumzo ya mjini, kiambishi "i-" kimeenea katika ngeli nyingi zisizo zake: watu husema "gari imeharibika", "maji imeisha", "mradi imeanza". Hayo ni mazungumzo, na sina ugomvi nayo barabarani wala kwenye matatu. Lakini mwandishi anayechunga ngeli vizuri katika sentensi fupi huchoka katika sentensi ndefu, na anapochoka hurudia "i-" ya mazoea. Sentensi yetu ingeweza vilevile kuishia na "imeahirishwa". Tofauti kati ya makosa haya mawili inaonekana kwa jicho. Ikiwa kiambishi kisichofaa kinapatana na nomino nyingine iliyotenda ndani ya sentensi, mwandishi alivutwa. Ikiwa ni "i-" isiyokuwa na nomino yoyote iliyotenda ya kuidai, ulimi ndio uliojaza nafasi. Naitafuta tofauti hiyo kwa sababu dawa zake si moja. Aliyevutwa anahitaji kufupisha kishazi cha katikati. Aliyejaza "i-" atarudia kosa hata katika sentensi ya maneno matano, kwa hiyo rasimu yake naipitia kitenzi kwa kitenzi.

Kwa sababu hiyo hiyo siutegemei sana ule ushauri wa kusoma kwa sauti huku ukiruka maneno ya katikati. Kwa mtu ambaye sikio lake limezoea "mradi imeahirishwa", sentensi iliyofupishwa itasikika sawa tu. Kipimo ninachokiamini zaidi ni wingi. Chukua nomino huru uliyoipata, itaje katika umoja na wingi, kisha uangalie ngeli: mradi, miradi, kwa hiyo U-I, na umoja wake ni "umeahirishwa". Jambo, mambo, kwa hiyo LI-YA. Nomino ya kiumbe huenda A-WA hata ikiwa umbo lake ni la KI-VI, kwa hiyo "kiongozi wa chama ambacho kimekataa matokeo" atakuwa "amesema", na kile "ki-" cha "kimekataa" kibaki kuwa mali ya chama.

Kipimo cha wingi hakisaidii pale nomino isipobadilika, na ripoti za ofisini zimejaa nomino za namna hiyo: kamati, sera, ripoti, bajeti, taarifa. Hapo ushahidi uko kwenye a-unganifu. "Sera za ujenzi wa nyumba ambazo baraza lilipitisha" ni wingi kwa sababu ya "za" na "ambazo", na kitenzi chake ni "zimeanza", si "imeanza" wala "limeanza". Mhariri asiyeyatazama maneno hayo mawili hana namna nyingine ya kujua idadi. Ifahamike pia kwamba "wa" na "ya" ni mashahidi dhaifu, kwa kuwa "wa" hutumika kwa mtu, kwa watu, kwa mti na kwa ukuta, na "ya" hutumika kwa miti, kwa magari na kwa ripoti moja. Mlolongo wa "wa" tatu mfululizo huficha kosa vizuri sana. "Cha", "vya" na "la" ni waaminifu zaidi, maana kila kimoja kina ngeli yake.

Jambo linalowasumbua hata wahariri wenye uzoefu ni maneno ya kiasi. Linganisha sentensi hizi mbili: "Idadi ya wagonjwa waliofikishwa katika zahanati hiyo tangu mvua za masika zianze imeongezeka" na "Baadhi ya wagonjwa waliofikishwa katika zahanati hiyo tangu mvua za masika zianze wamehamishwa." Kwa umbo zinafanana, na kanuni yangu ya nomino huru ingetaka zote mbili ziishie na "i-". Lakini kinachoongezeka ni idadi yenyewe, ilhali wanaohamishwa ni wagonjwa. "Idadi" ni nomino kamili inayojitegemea; "baadhi" ni neno la kiasi tu, na upatanisho hulipita ukaenda kwa nomino inayofuata: baadhi ya magari yameondolewa, baadhi ya vitabu vimepotea. Nimewahi kuona mhariri akibadilisha "baadhi ya wagonjwa wamehamishwa" kuwa "imehamishwa" kwa bidii ya kufuata kanuni, na akaharibu sentensi iliyokuwa sahihi. "Kundi", "baraza" na "jopo" vinafuata njia ya "idadi": jopo la majaji limetoa uamuzi, hata kama majaji hao wametajwa mmoja mmoja katikati ya sentensi.

Kuhusu "pamoja na", maoni yanatofautiana, nami nitaeleza ninachokifanya. "Mwenyekiti wa kamati, pamoja na wanachama wawili walioandamana naye, amejiuzulu" inasomeka vibaya masikioni mwa wengi, kwa kuwa wote watatu wamejiuzulu. Ikiwa wote wana uzito sawa, naondoa koma na "pamoja", naandika "Mwenyekiti wa kamati na wanachama wawili walioandamana naye wamejiuzulu", na mjadala unaisha. Umoja nauhifadhi pale tu ambapo waliotajwa kati ya koma ni wasindikizaji wa habari, si wahusika wake.

Nirudi kwenye sentensi ya mradi. Kubadilisha "zi-" kuwa "u-" kulitosha kuondoa kosa, lakini sikuiacha hivyo, kwa sababu kati ya kiima na kitenzi chake palikuwa na zaidi ya maneno 25, na msomaji angelazimika kubeba mradi huo mkononi muda wote huo. Kiswahili kinaruhusu kitenzi kitangulie, "Umeahirishwa mradi wa ukarabati…", na katika habari za redio muundo huo unapendeza; katika ripoti ulitilia mkazo mkubwa mno neno la kwanza. Niliigawa, nikabadilisha wakati wa kitenzi cha kamati ili mpangilio wa matukio ubaki wazi:

"Mradi wa ukarabati wa madarasa ya shule za msingi katika maeneo ya Kasarani na Embakasi umeahirishwa. Kamati za wazazi, baada ya mikutano mitatu iliyofanyika Februari, zilikuwa zimependekeza uanze kabla ya muhula wa pili."

Mwandishi aliuliza kama "uanze" sasa halitaning'inia, maana mradi umebaki katika sentensi iliyotangulia. Halitaning'inia: kamati zinadai "zi-", mikutano inadai "i-", na muhula unakuja baada ya kitenzi, kwa hiyo "u-" haina pengine pa kwenda ila kwa mradi.