Dada, rejesho la Mei utalitoa wapi?

Kazi yangu ni kuchambua maombi ya mikopo midogo hapa Kigoma, na wanaokuja mezani wengi ni wachuuzi wa dagaa, migebuka na mawese. Kumwambia mteja nisiyemjua kwamba hesabu yake haisimami hakunipi shida: namrudishia fomu, namwonyesha pengo, tunaagana. Shida ni pale anayeniuliza ni rafiki, tena amenizidi umri, tena amekuja nyumbani jioni na si ofisini. Kwa mtu wa namna hiyo tuna njia mbili, ya upole na ya ukali, tunazozitumia bila kufikiri, na mara nyingi zote mbili humwacha palepale alipokuwa.

Nichukue mfano wa mwaka 2024. Serikali ilitangaza kwamba upande wetu wa Ziwa Tanganyika utafungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki na dagaa wapate kuzaliana na kukua. Mwezi Aprili, mwanamke mmoja wa Ujiji ninayemwita dada ingawa hatuna undugu wa damu, alinijia na wazo. Achukue mkopo wa shilingi 3,000,000 mwisho wa mwezi, anunue dagaa wakavu kwenye mwalo wa Kibirizi kabla ziwa halijafungwa, awaweke ndani, kisha awauze Julai wakati mwalo umekauka na bei imepanda.

Wazo lile halikuwa la kijinga, na hapo ndipo ugumu ulipo. Wazo baya kabisa ni rahisi kulisemea. Lake lilikuwa na akili ndani yake: alikuwa amesoma tangazo, akaona upungufu unakuja, akataka kuwahi. Hatari ilikuwa sehemu moja tu, na mtu asiyeketi na kalamu asingeiona.

Hesabu aliyoniletea ilikuwa hivi. Kilo ya dagaa wakavu atainunua kwa 20,000, kwa hiyo atapata kilo 150. Julai atauza kwa 30,000, mkononi ziingie 4,500,000. Mkopo wenyewe ulikuwa wa miezi sita kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, kiwango cha juu ambacho Benki Kuu inaruhusu kwa taasisi ndogo zisizopokea amana. Riba hiyo ilihesabiwa juu ya mkopo mzima tangu mwanzo hadi mwisho, haipungui kadiri unavyolipa. Jumla ya kurudisha ni 3,630,000. Toa hiyo kwenye 4,500,000, inabaki faida ya 870,000. Kwenye karatasi, mambo mazuri.

Sasa tazama tarehe. Kurudisha 3,630,000 kwa miezi sita maana yake ni rejesho la 605,000 kila mwezi, na la kwanza linadaiwa mwisho wa Mei. Mwisho wa Mei ziwa limefungwa wiki mbili tu, mitaani bado kuna dagaa kwa sababu kila mwenye senti ameweka akiba kama yeye, na bei haijasogea sana. Dada hana chanzo kingine cha fedha. Atalipa kwa kuuza dagaa walewale aliowafungia ndani. Tuseme bei imefika 22,000: atalazimika kuuza kilo 27 na nusu ili alipe mwezi wa kwanza. Mwisho wa Juni, bei ikiwa 25,000, zinaondoka kilo 24 nyingine. Kabla Julai aliyokuwa akiingoja haijafika, karibu kilo 52 zimekwisha kwa bei ambayo hakuipanga.

Halafu kuna dagaa wenyewe. Dagaa wa ziwa letu wana mafuta, na Aprili kwetu mvua bado zinanyesha. Waliokaushwa kwa haraka kati ya mvua mbili wanaonekana wakavu kwa nje, ila ukimvunja mmoja karibu na kichwa unaona ndani bado analainika. Hao wakikaa guniani miezi miwili wanashika ukungu, wanaingia wadudu, na waliosalimika wanavunjika wakawa unga ambao mnunuzi anaulipia nusu bei. Nilimpigia upotevu wa sehemu moja ya kumi, kilo 15. Zinabaki kilo 83. Azitoe zote kwa 30,000 aliyoitarajia, anapata 2,490,000, na marejesho manne yaliyobaki ni 2,420,000. Faida ni 70,000, kabla ya magunia na bodaboda. Bei ikiishia 27,000 badala ya 30,000, anadaiwa na hana cha kuuza.

Hiyo ndiyo habari niliyokuwa nayo. Swali likawa niipeleke kwa maneno gani.

Njia ya upole sote tunaijua: “Dada, wazo ni zuri sana, ila tu uwe makini na soko.” Ni heshima, haimuumizi mtu, na haina taarifa yoyote ndani yake. Hakuna mchuuzi wa Ujiji asiyejua kwamba soko linahitaji umakini. Yeye anachobaki nacho ni ile nusu ya kwanza, kwamba mtu wa mikopo amesema wazo ni zuri sana. Kesho atamwambia na mwenzake hivyo. Na utaujua upole wako umeshindwa papo hapo: akikujibu “inshallah” au “Mungu mkubwa” kisha akahamia habari za watoto, basi hakuna kilichofika. Maneno yaliyofika huzaa swali au ubishi.

Njia ya ukali nayo ni hii: “Dada, usithubutu, watakuja kubeba friji yako.” Ni kweli, friji na makochi ndivyo vilivyoandikwa kwenye dhamana. Lakini sentensi hiyo inatabiri msiba bila kuonyesha unapitia wapi, na utabiri usio na njia unasikika kama kijicho. Kwa dada mkubwa anayesemeshwa na mdogo wake, unasikika pia kama utovu wa adabu. Matokeo yake si kwamba anaacha biashara. Anaacha kukuonyesha hesabu. Anakwenda kwa wale wakopeshaji wa mtaani tunaowaita kausha damu, ambao hawana haja ya hesabu yake ilimradi kadi yake ya benki wanayo wao.

Mimi siku hizi sichagui kati ya hizo mbili kwa kupima ukali wa sentensi nzima. Nachagua ni kipi kipewe ukali. Mtu na wazo lake vinapata upole, na upole huo nausema kwa jambo mahususi. Tarehe na kiasi havipati upole hata kidogo. Kwa dada nilisema takriban hivi: “Dada, hilo la kuwahi kabla ziwa halijafungwa umeliona vizuri, wengi watalishtukia Juni. Lakini Mei 30 unadaiwa 605,000, na siku hiyo bei haijapanda. Utaitoa wapi?”

Kisha nikanyamaza. Kunyamaza hapo ni kugumu kuliko kusema, kwa sababu ulimi unataka kufunika swali kwa “lakini utaweza tu, usijali.” Ukilifunika, umemrudishia upole wa mwanzo.

Faida ya kuuliza badala ya kutangaza ni kwamba yeye ndiye anayejua majibu ambayo mimi siyajui. Angeweza kuniambia kwamba mume wake anapokea malipo ya tumbaku kutoka Urambo mwezi huo, na hatari yangu yote ingeyeyuka pale pale. Mara kadhaa wateja wamenijibu hivyo nikafuta maneno yangu. Ukitangaza “huwezi kulipa,” unamlazimisha kutetea heshima yake. Ukiuliza “utaitoa wapi,” anatafuta. Dada alitafuta kimya kimya, akasema, “Si nitauza kidogo kidogo?” Hapo tukashika kalamu wote wawili, na zile kilo 27 na nusu akazitoa yeye mwenyewe kwenye 150. Sikuwa na haja ya kutamka kwamba biashara ina hatari.

Alibisha kuhusu upotevu. Kwa maoni yake kilo 15 ni nyingi mno, kwamba yeye anakagua dagaa wake kwa mkono na hanunui waliokaushwa chini mchangani, ananunua wa kwenye chanja. Nilimwachia. Huenda alikuwa sahihi, na hata kwa upotevu sifuri zinabaki kilo 98, faida 520,000, ambayo bado ni mbali na 870,000. Ukiwa na pointi moja nzito, usiifunge pamoja na pointi tatu nyepesi. Msikilizaji ataikamata ile nyepesi, ataivunja, na atahisi ameshinda hoja yote.

Mwisho wa maneno yangu niliweka sharti ambalo lingenifanya nibadili mawazo: “Ukipata mkopo ambao rejesho la kwanza ni mwisho wa Julai, au ukinunua kwa hela yako mwenyewe hata kilo 40 tu, mimi sina neno.” Rafiki anayeambiwa hapana tupu hana pa kwenda. Anayeambiwa hapana inageuka ndiyo kwenye jambo lipi anaweza kwenda kuuliza taasisi nyingine kama wanatoa kipindi cha neema, au kukaa na wenzake wa kikoba wapange walipwe kwa mkupuo baada ya mauzo.

Zipo hali ambazo upole mtupu unatosha. Mtu akiweka akiba yake ndogo ambayo akiipoteza watoto bado watakula, simfuati na kalamu. Ataonja soko na soko litamfundisha kwa bei nafuu kuliko mimi. Na zipo ambazo swali ni anasa. Mtu anasaini kesho asubuhi, au dhamana ni kiwanja cha mama yake ambaye hajui, au fedha ni za kikundi. Hapo siulizi, nasema moja kwa moja: “Dada, usisaini kesho. Rejesho la kwanza huna.” Namwambia ana kwa ana, peke yetu. Siyatumi maneno hayo kwa ujumbe wa simu, kwa sababu jibu la “sawa” kwenye simu linaweza kuwa na maana kumi.

Ana haki ya kuendelea hata hivyo, na nikishasema mara moja kwa tarehe na kiasi sirudii kila tukionana sokoni Mwanga. Isipokuwa akiniomba niwe mdhamini wake. Fomu ya udhamini ina sahihi yangu na mshahara wangu ndani yake, na kukataa kuisaini bila kutoa sababu kutamuumiza kuliko maneno yoyote. Kwa hiyo naikataa siku hiyohiyo anayoileta, kabla hajaandika jina langu, na sababu ninayompa ni ileile ya Mei 30.