Msuguano wa nguzo mchangani hauna dari

"Nguzo ya msingi yenye kipenyo cha milimita 400 ikipigiliwa mchangani kupita mita nane, msuguano wa ubavuni si unakuwa umefika ukomo?" Hapana, haujafika popote. Swali hili linanirudia kila mara, na kila mara likija na ule mchoro wa kina cha ukomo: msuguano unapanda hadi kina cha mara 20 ya kipenyo, kisha mstari unashuka wima hadi nchani.

Jedwali za ukomo zina kazi yake. Zile za zamani za API, taasisi ya petroli ya Marekani, zilianzia kama kilopaskali 48 kwa mchanga uliolegea sana hadi 115 kwa ulioshindiliwa sana, na kwa wastani wa ubavu mzima mara nyingi hazikuwa mbali na ukweli. Kosa ni kuamini kwamba mchanga wenyewe umegoma kupokea zaidi.

Chukua tabaka moja, kina cha mita 5, maji yakiwa usawa wa ardhi. Upinzani wa koni ya kupimia inayosukumwa ardhini ni megapaskali 10, mkazo wima halisi kilopaskali 50. Vipimo vya Labenne, Ufaransa, vilivyochapishwa 1993, vilionyesha kuwa mkazo wa pembeni unafuata upinzani wa koni, tena unapungua kadiri ncha inavyokwenda mbali. Kanuni iliyotokana na kazi hiyo ni hii:

```
σ'rc = 0.029 qc (σ'v0/pa)^0.13 (h/R)^-0.38
```

Hapa σ'rc ni mkazo wa pembeni, qc ni upinzani wa koni, σ'v0 ni mkazo wima halisi, pa ni shinikizo la hewa, kama kilopaskali 100, h ni umbali kutoka tabaka hadi ncha, na R ni nusu kipenyo cha nguzo yetu ya milimita 400. Ncha ikiwa mita 1.6 chini ya tabaka letu, mkazo ni kama kilopaskali 120. Endelea kupiga hadi ncha ifike mita 15, na tabaka lilelile linabaki na 60. Kwa pembe ya msuguano ya nyuzi 29, msuguano umeshuka kutoka kilopaskali 67 hadi 33. Mchanga haujabadilishwa na mtu. Ni nyundo tu. Kila pigo linasugua utando mwembamba wa mchanga ulioshika nguzo, utando unanywea kidogo, na ardhi ya nyuma yake inalegeza mbano.

Kwa hiyo hapo nchani msuguano ni mkubwa kuliko mchoro unavyosema, na juu ni mdogo. Ukipiga wastani, unapata kitu kinachofanana na dari. Halafu wapimaji wengi wa zamani walisawazisha vipimo kuwa sifuri baada ya kupigilia, wakafuta mizigo iliyokwisha kujifunga ndani ya nguzo. Dari ikazidi kupendeza!

Hiyo 0.38 nayo siiapii. Nguzo ya Labenne ilikuwa ya milimita 102, ikasukumwa kwa jeki. Nashuku idadi ya mapigo ina neno kuliko umbali wenyewe. Tena nguzo nyembamba hubanwa zaidi inapopakiwa, kwa kuwa mchanga hutanuka kwenye ubavu wake, basi usimpe mwenye mradi matokeo ya nguzo ndogo ya majaribio kana kwamba ni ya nguzo kubwa. Na andika tarehe ya kupigilia kando ya tarehe ya kupima: ubavu uliopumzika wiki kadhaa mchangani mara nyingi hubeba zaidi ya ulivyobeba siku ya kwanza, na sababu yake bado tunabishania.