Baiskeli ya mtumba kwa 115,000: nani kafaidi?

Mwalimu anatafuta baiskeli. Fundi mmoja wa Morogoro anayo ya mtumba kutoka Japani, kikapu mbele, giya tatu. Anataja shilingi 180,000. Mwalimu anajibu 70,000. Fundi anacheka, mwalimu anajifanya anaondoka, anaitwa arudi, na baada ya robo saa wanapeana mikono kwa 115,000. Mfano ni wa kutunga, ila tamthilia yake tunaijua sote.

Kuna mambo mawili ambayo hayakutamkwa pale. Mwalimu ameshaiona baiskeli kama hiyo kwa 150,000 dukani, bei isiyopungua. Kikomo chake ni hapo. Fundi naye ana mchuuzi aliyeahidi kuichukua jioni kwa 90,000, kwa hiyo chini ya hapo haiachii. Ziada ya mlaji ni tofauti kati ya kikomo cha mnunuzi na bei aliyolipa: 35,000. Ziada ya mzalishaji ni bei aliyopokea muuzaji ukitoa kiwango cha chini ambacho angekubali: 25,000. (Fundi hakuitengeneza baiskeli, lakini hesabu ni ileile.)

Dhana: "Nimepunguziwa 65,000, hiyo ndiyo faida yangu."

Ile 180,000 ilikuwa maneno tu. Fundi angeanza na 300,000, punguzo lingefika 185,000, na ziada ya mwalimu ingebaki palepale kwenye 35,000. Ziada hupimwa kutoka kwenye kikomo chako, na kikomo kinatokana na njia nyingine uliyonayo. Ndiyo maana mtu mwenye kikomo cha 150,000 akishushiwa kutoka 180,000 hadi 160,000 huondoka anashangilia, kumbe amejipunja 10,000.

Kikomo chenyewe hakijapigwa msumari. Mwalimu akizungusha gurudumu la nyuma akakuta rimu inayumba, na kuinyoosha ni 12,000, kikomo kinashuka hadi 138,000. Kwa bei ileile ya 115,000 ziada yake inabaki 23,000. Kwa hiyo izungushe kabla ya kupeana mikono.

Dhana: "Ziada ya muuzaji ni kile kinachozidi bei aliyonunulia."

Hapa ndipo wauzaji wengi hujifunga wenyewe. Tuseme fundi aliinunua baiskeli kwa 100,000, na leo mteja amekwama kwenye 95,000. Daftari lake litaandika hasara ya 5,000, na ni kweli kwa daftari. Lakini ile 100,000 imeshatoka. Kukataa kuuza hakuirudishi. Swali la leo ni moja: nisipomuuzia huyu, nitapata nini? Atapata 90,000 za mchuuzi. Basi kuuza kwa 95,000 kunampa ziada ya 5,000. Akishikilia "siuzi chini ya nilivyonunua", jioni atampa mchuuzi kwa 90,000 na hasara ya daftarini itakuwa 10,000.

Dhana: "Mmoja akifaidi, mwenzake kaumia."

Jumlisha ziada zao: 35,000 na 25,000 ni 60,000. Sasa badili bei iwe 140,000. Mwalimu anabaki na 10,000, fundi anapata 50,000, jumla ni 60,000 tena. Bei yoyote kati ya vikomo viwili inagawa tu kile kilichopo, na kila mmoja yuko afadhali kuliko angeondoka. Kugombania mgawo ni haki yao.

Wanaumia wote wawili pale kila mmoja anapoficha kikomo chake hadi mapatano yavunjike. Mwalimu anaapa hana zaidi ya 95,000, fundi anaapa 130,000 ndiyo mwisho. Mwalimu anaenda dukani kulipa 150,000, ziada sifuri. Fundi anamwita mchuuzi, ziada sifuri. Ile 60,000 haimo mfukoni mwa yeyote kati yao. Wala si ukaidi wa watu wawili tu: mwaka 1983 wanauchumi Roger Myerson na Mark Satterthwaite walithibitisha kwa hisabati kwamba, kila upande ukiwa unajua kikomo chake peke yake na hakuna uhakika kuwa cha mnunuzi kinazidi cha muuzaji, hakuna utaratibu wa hiari unaoweza kuhakikisha kila biashara yenye manufaa inafanyika bila mtu wa nje kutia pesa.

Dhana: "Mwenye ziada kubwa ndiye aliyeihitaji zaidi."

Hapana. Kikomo hupima utayari wa kulipa, na utayari unategemea mfuko. Kijana anayetembeza maziwa kwa miguu kilomita kumi kila alfajiri, mwenye 85,000 tu, hayumo kabisa kwenye hesabu hii, kwa sababu yuko chini ya 90,000 za fundi. Mwalimu, anayeitaka ya kwendea sokoni Jumamosi, ndiye anayeondoka nayo, na 35,000 zake zinaandikwa kuwa manufaa.