Mbia akifa: ubia unaisha, na mrithi anarithi nini?

Duka la spea lililo Barabara ya Kirinyaga, pale ambapo wenyeji wa Nairobi bado wanapaita Grogani, lina wenye wawili. Mmoja anajua gari kuliko anavyojijua, mwingine ndiye anayeshika vitabu na kuwapigia simu wauzaji wa jumla. Hawajasajili kampuni. Wana jina la biashara, akaunti ya benki na miaka ya kuaminiana. Yule wa vitabu anafariki. Jumatatu baada ya mazishi mwanawe anaingia dukani, anazunguka nyuma ya kaunta na kusema, "Mzee, pole sana. Kuanzia leo mimi niko hapa kwa niaba ya baba."

Mzee hana moyo wa kumkatalia mtoto aliyetoka kumzika babake. Lakini kisheria kijana huyo si mbia, na ubia anaotaka kuingia haupo tena.

Ubia ni uhusiano wa watu wanaoendesha biashara pamoja kwa nia ya kupata faida, na neno la kuzingatia hapo ni "watu". Mtu mmoja hawezi kuwa na ubia na nafsi yake. Kwa hiyo walipokuwa wawili na mmoja akafa, ubia uliisha siku hiyohiyo, hata kama shata ya duka ilifunguliwa kesho yake na wateja hawakugundua chochote. Wangekuwa watatu au zaidi, swali la kwanza lingekuwa mkataba wao unasema nini, kwa sababu waliobaki wanaweza kuwa walikubaliana mapema kwamba wataendelea. Wawili hawana nafasi hiyo.

Kinachowachanganya wengi ni kudhani kwamba kiti cha mbia hurithiwa kama shamba. Ubia unategemea kuaminiana kwa mtu na mtu: kila mbia anaweza kudaiwa deni la biashara alilochukua mwenzake. Ndiyo maana hakuna anayeingia bila wabia wote kukubali, isipokuwa wamepatana vingine. Mzee alimkubali baba. Hakuwahi kuulizwa kuhusu mwana. Mrithi hapati kiti, anapata thamani ya kile kilichokuwa cha marehemu kwenye biashara. Ni dai la pesa, nalo linahesabiwa kuanzia siku ya kifo.

Tulihesabu dai hilo kwa mfano. Siku ya kifo duka lina stoki ya shilingi 1,800,000, pesa za benki na za til 400,000, madeni ya magereji 300,000, na rafu na vifaa vya 100,000. Jumla ni 2,600,000. Duka nalo linadaiwa 500,000 na muuzaji wa jumla, na 100,000 za kodi ya nyumba. Watu wa nje hulipwa kwanza, hivyo zinabaki 2,000,000.

Hapa ndipo familia nyingi husema, "Basi ni nusu kwa nusu, milioni moja moja." Subiri kwanza. Marehemu aliwahi kulikopesha duka 200,000 wakati kontena lilipochelewa bandarini. Mkopo wa mbia hurudishwa kabla ya mitaji. Zinabaki 1,800,000. Kisha kila mmoja anarudishiwa mtaji wake: marehemu aliweka 600,000, mzee 400,000. Zinabaki 800,000, na hizo ndizo zinazogawanywa. Kama hawakukubaliana vingine, mgawo ni sawa kwa sawa, 400,000 kila mmoja. Upande wa marehemu unapata 1,200,000 na mzee 800,000. Kama daftari lile la mkopo lingepotea, familia ingepunjwa bila mtu yeyote kukusudia kuipunja.

Ugomvi mkubwa hutokea kwenye stoki. Bei ya kuuzia iliyo kwenye kijikaratasi haifai, na bei ya kununulia inaweza pia kudanganya. Ukipanda ngazi ukafikia rafu ya juu utakuta boksi za gasketi za magari ambayo hayapo tena barabarani, zina vumbi la miaka, na daftari bado linazihesabu kama pesa. Wahesabu stoki pamoja, upande wa familia ukiwepo, na waandike tarehe na hali ya kila kitu. Wakishindwa kuafikiana, wamlete mthamini ambaye hana jamaa upande wowote.

Je, mzee amlipe kijana? Asimlipe bado. Anayeweza kupokea kwa niaba ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyepewa hati na korti, na mtoto wa kiume hana cheo hicho kwa sababu tu ni mtoto wa kiume. Kama hakukuwa na wosia, mjane ndiye anayetangulizwa kwa kawaida. Familia huanza na cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi wote, inapeleka maombi kortini, na tangazo linachapishwa katika gazeti rasmi la serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku 30. Mali ya mirathi hugawiwa warithi baada ya hati kuthibitishwa, na kwa kawaida uthibitisho huombwa miezi 6 baada ya hati kutolewa. Kugusa mali ya marehemu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Urithi, kifungu cha 45, na kijana aliyekuja kukaa kwenye til anaweza kujikuta upande wa mshtakiwa.

Muda huo wote duka halilazimiki kufungwa. Mzee ana mamlaka ya kumalizia yaliyokuwa yamebaki: kukusanya madeni, kulipa wadai, kuuza stoki. Asichopaswa kufanya ni kuendelea na biashara mpya kwa pesa zilezile kana kwamba zote ni zake. Akiendelea hivyo, warithi wanaweza kudai faida iliyozalishwa na sehemu ya marehemu, au riba badala yake. Madeni mapya anayochukua baada ya kifo ni yake yeye, si ya mirathi. Yale ya kabla ya kifo mirathi inahusika nayo. Ndiyo sababu namsihi apige mstari kwenye daftari siku ya kifo na kuanza ukurasa mpya.

Kuna mtego mwingine, na huu huwapata watu wema zaidi. Mzee anamwonea kijana huruma, anamwacha auze, anagawana naye faida kila Jumamosi. Hakuna aliyesema "ubia", lakini wakiamua mambo pamoja na kubeba hasara pamoja, wameunda ubia mpya kwa vitendo, na kijana anawajibika kwa madeni ya ubia huo. Lakini mjane akipokea fungu la faida kama njia ya kulipwa deni lake polepole, hilo peke yake halimfanyi mbia. Tofauti hiyo iandikwe kwa mistari michache iliyosainiwa.

Kama kijana anaifaa kazi na mzee anamtaka kweli, waandike mkataba mpya wenye tarehe mpya, mtaji wa kila mmoja, na usajili wa jina la biashara ubadilishwe. Kwenye mkataba huo waandike pia kile ambacho baba na mzee hawakukiandika: mmoja akifa, aliyebaki anaweza kununua sehemu yake, thamani ipatikane kwa njia gani, na alipe kwa miezi mingapi.