Melatonini: kilichoandikwa kwenye lebo na kilichomo ndani ya kidonge

Melatonini ni homoni ambayo ubongo hutengeneza giza linapoingia. Inatoka kwenye tezi ndogo iitwayo pineali, na kazi yake ni kuuarifu mwili kwamba usiku umefika. Haimwangushi mtu usingizini kama zifanyavyo dawa za usingizi. Inaandaa njia tu. Inayouzwa dukani ni molekuli ileile, ila imetengenezwa kiwandani na kutiwa kwenye kidonge, matone au pipi laini ya kutafuna.

Marekani mtu hahitaji cheti cha daktari kuinunua. Sheria ya mwaka 1994 iliviweka virutubisho nyongeza kwenye fungu karibu na chakula, na melatonini ikaingia humo. Maana yake ni kwamba Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo, FDA, haiipimi wala kuiidhinisha kabla haijafika rafuni. Mtengenezaji ndiye anayepaswa kuhakikisha kilichoandikwa ndicho kilichomo. Uingereza melatonini ni dawa, na bila daktari huipati. Kwa hiyo chupa nyingi wanazonunuliwa au kutumiwa watu na ndugu zao walioko Marekani ni bidhaa ambayo hakuna mtu wa nje aliyewahi kuipima.

Je, ikipimwa? Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walinunua bidhaa 31 za melatonini madukani wakazipeleka maabara. Zaidi ya asilimia 70 zilikuwa nje ya kiwango cha lebo kwa zaidi ya asilimia 10. Moja ilikuwa na upungufu wa asilimia 83, na nyingine ilizidi kwa asilimia 478. Iliyozidi hivyo ilikuwa kidonge cha kutafuna, aina wanayopewa watoto: lebo ilisema miligramu 1.5, ndani mlikuwa na karibu 9. Na hiyo ni Kanada, ambako bidhaa za namna hii huhitaji leseni ya serikali. Leseni peke yake, basi, haitoshi.

Mwaka 2023 jarida la JAMA lilichapisha vipimo vya pipi laini 25 zilizouzwa Marekani. Ni tatu tu zilizokaribiana na lebo zao. Katika zile zilizokuwa na melatonini, kiasi kilianzia asilimia 74 ya kilichoandikwa hadi asilimia 347. Moja haikuwa na melatonini hata kidogo. Tuseme umenunua pipi ya miligramu 5: kwa vipimo hivyo unaweza kuwa unameza 3.7, au unameza zaidi ya 17, na kwa macho huwezi kutofautisha.

Wengi wakisikia hivi huwaza wizi. Sehemu kubwa ya tatizo, kwa maoni yangu, ni ya kawaida zaidi. Kwanza, melatonini huharibika taratibu kwa mwanga, joto na unyevu. Mtengenezaji anajua kwamba kidonge kinatakiwa kiwe na kiasi cha lebo hadi siku ya mwisho ya matumizi, si siku kinapotoka kiwandani tu. Njia rahisi ni kutia ziada mwanzoni, ili hata ikipungua isishuke chini ya lebo. Anayekula pipi mpya anapata ziada hiyo yote. Lakini ziada ya busara haifiki mara tatu ya lebo, kwa hiyo sababu hii haielezi kila kitu.

Sababu ya pili ni kuchanganya. Kidonge cha gramu nusu chenye miligramu 3 za melatonini kina asilimia 0.6 tu ya dawa yenyewe. Kilichobaki ni unga wa kujazia, rangi, sukari na vinginevyo. Ni kama kutia hiliki ya kusaga kijiko kimoja kwenye gunia la unga wa maandazi, kisha kutarajia kila andazi liwe na ladha ileile. Inawezekana, ila inataka mashine nzuri, muda, na mtu wa kupima sampuli mara kwa mara. Pipi laini ni ngumu zaidi kwa sababu melatonini inachanganywa kwenye jeli ya moto, nene, yenye sukari. Watafiti wa Guelph waliona pia kwamba toleo moja na jingine la bidhaa ileile, kutoka kampuni ileile, yaliweza kutofautiana sana. Bidhaa zilizokuwa karibu na lebo ni zile zenye mchanganyiko mwepesi: kidonge cha kawaida au cha kuweka chini ya ulimi, chenye melatonini na kijazio kimoja au viwili.

Hapo msomaji anaweza kuuliza: kama melatonini ni kitu cha mwili wenyewe, kuna ubaya gani ikizidi? Jibu linategemea jinsi inavyotoka mwilini.

Melatonini iliyomezwa hupita kwenye ini, na sehemu kubwa huvunjwa hapo kabla haijafika popote. Inayofika kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 45 hivi. Kutokana na hilo tunaweza kupiga hesabu. Ukiongeza dozi mara mbili, hupati usingizi mara mbili. Unachopata ni muda zaidi wa melatonini kukaa kwenye damu, takriban dakika 45. Anza na miligramu 0.3. Mara mbili ni 0.6, kisha 1.2, 2.4, 4.8 na 9.6. Umeongeza mara mbili hatua tano, yaani dakika 225, au saa tatu na robo tatu. Mtu anayemeza saa nne usiku, ambaye kwa 0.3 kiwango chake kingeshuka mnamo saa saba usiku, kwa 9.6 kitashuka karibu na saa kumi na robo tatu alfajiri. Hiyo ni kwa ini linalofanya kazi kwa kasi ya wastani. Wazee wengi, na watu wanaotumia dawa zinazozuia kimeng'enya kinachovunja melatonini (fluvoksamini, dawa ya msongo wa mawazo, ni mojawapo), huchelewa zaidi.

Dozi ndogo hiyo ya 0.3 sikuitoa hewani. Kundi la watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, wakiwemo Richard Wurtman na Irina Zhdanova, lilianza miaka ya 1990 kutafuta ni kiasi gani kinachorudisha kwenye damu kiwango ambacho kijana mwenye afya huwa nacho usiku. Mwaka 2001 walichapisha jaribio la watu wenye umri wa zaidi ya miaka 50, waliopewa miligramu 0.1, 0.3 au 3 nusu saa kabla ya kulala. Kwa wenye tatizo la kukosa usingizi, dozi zote tatu zilisaidia, na 0.3 ndiyo iliyofanya vizuri zaidi. Ile ya 3, mara kumi zaidi, ilishusha joto la mwili na kuacha melatonini ikiwa juu hadi kumekucha. Anayeamka na kichwa kizito baada ya kumeza "dawa ya asili" ana sababu ya kutazama saa hizo za asubuhi.

Lakini kisa kinachoeleza jambo hili vizuri kuliko vyote ni cha mtu mmoja kipofu.

Saa ya mwili haiendi sawasawa na saa ya ukutani. Kwa wengi inachelewa kidogo, na mwanga wa asubuhi huirekebisha kila siku. Asiyeona mwanga kabisa hana kirekebishi hicho, na usingizi wake huhama polepole, wiki hii unamjia usiku, wiki zijazo mchana. Mtafiti Alfred Lewy na wenzake wa Oregon, Marekani, waliwapa vipofu saba melatonini ya miligramu 10 kila jioni ili iwe badala ya mwanga. Sita walitulia. Wa saba alikataa kutulia. Siku ya mwili wake ilikuwa na saa 24.9, yaani alichelewa karibu saa nzima kila siku. Walimwongezea hadi 20, haikusaidia. Kisha wakampa nusu miligramu, na saa yake ikashika.

Maelezo ya Lewy, mwaka 2002, yalikuwa haya. Melatonini ikiingia jioni inaivuta saa ya mwili mbele, mtu anasikia usingizi mapema. Ikiwepo asubuhi inafanya kinyume, inaisukuma nyuma. Dozi kubwa iliyomezwa jioni inabaki kwenye damu hadi asubuhi, kwa hiyo inavuta na kusukuma saa ileile katika siku ileile. Nusu miligramu ilifanya kazi jioni na kuondoka.

Sasa rudi kwenye ile pipi ya 5 iliyo na 17. Tatizo lake si sumu, maana kwa mtu mzima mwenye afya kiasi hicho ni nadra kuleta hatari kubwa. Tatizo ni kwamba hujui inaondoka saa ngapi, na leo na kesho si lazima zifanane. Kwa watoto mambo ni mazito zaidi: vituo vya sumu vya Marekani vilipokea taarifa 8,337 za watoto waliomeza melatonini mwaka 2012, na 52,563 mwaka 2021. Pipi tamu, chupa isiyofungwa vizuri.

Isieleweke kwamba dozi ndogo imeshinda kila mahali. Kwa uchovu wa safari ndefu za ndege, mapitio ya mwaka 2002 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba kwa pamoja, yalikuta nusu miligramu na miligramu 5 zinarekebisha saa karibu sawa, ila wenye 5 walilala haraka zaidi. Kupita 5 hakukuongeza chochote. Uchambuzi wa mwaka 2024 uliokusanya majaribio mengi uliona faida ikifikia kilele kwenye 4 hivi, tena ikimezwa saa tatu kabla ya kulala badala ya dakika za mwisho. Kwa hiyo kipimo kinategemea unataka nini, usingizi wa haraka au saa ya mwili iliyorekebishwa, na muda wa kumeza una uzito sawa na miligramu. Sijaona jaribio zuri linalotetea vile vidonge vya 10 na 20 kwa mtu wa kawaida asiyelala.

Anayetaka kupunguza kubahatisha achague kidonge cha kawaida, si pipi, chenye viungo vichache, na atafute alama ya USP kwenye chupa. Ni shirika huru linalopima kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Aanze na 0.5 au 1. Kidonge cha kawaida cha 1 kinaweza kukatwa kwa kisu kidogo kikawa vipande viwili, ingawa nusu hizo hazitalingana kabisa. Kile kinachoandikwa kwamba kinatoa dawa polepole usikikate, kwa sababu ukikipasua kinaimwaga yote kwa mara moja. Na anayetumia dawa za msongo wa mawazo amwonyeshe daktari chupa yenyewe, asiishie kutaja jina tu: katika zile bidhaa 31 za Guelph, nane zilikutwa na serotonini, kemikali ambayo dawa nyingi za msongo wa mawazo huigusa, na haikuandikwa popote.