Usiwaulize kama dashibodi ni nzuri, wape swali walijibu

Ukimwonyesha mratibu wa chanjo wa halmashauri dashibodi mpya kisha ukamuuliza anaionaje, atakwambia, "Nzuri sana, mtaalamu, hongereni." Anakusitiri. Umetoka mbali, umekesha kuitengeneza, na yeye ni mtu wa adabu. Ukirudi ofisini na jibu hilo, huna maoni yoyote mkononi.

Kwa hiyo sisi tunaotengeneza dashibodi za chanjo kwenye DHIS2, mfumo ambao Tanzania inautumia kwa MTUHA, yaani takwimu za huduma za vituo vya afya, tunabeba maswali ambayo majibu yake tunayajua tayari. Swali liwe lile analolikabili kazini. Mfano: "Robo mwaka iliyopita, ni zahanati gani iliyopoteza watoto wengi zaidi kati ya Penta 1 na Penta 3?" Penta 1, dozi ya kwanza ya chanjo ya pentavalenti, hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, na Penta 3, dozi ya tatu, akiwa na wiki 14, katikati hapo wengine hawarudi. Jibu hilo ndilo linaloamua gari liende wapi wiki ijayo.

Katika halmashauri moja tuliketi na watu watano, mmoja mmoja. Kila mmoja tulimwambia mapema, "Hatukupimi wewe, tunaipima dashibodi. Ukikwama, kosa ni letu." Tukamwomba aseme kwa sauti anachokitafuta, saa ya simu ikahesabu, nasi tukanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Mkono unakuwasha kumwonyesha kitufe, lakini ukishamwonyesha, jaribio limeharibika.

Wawili walijibu ndani ya nusu dakika. Wawili walizidi dakika mbili. Wa tano aliacha baada ya dakika tatu. Tungeangalia muda peke yake tungewapongeza wale wa kwanza, kumbe wote wawili walikosea, na waliochelewa ndio waliopata.

Sababu ilikuwa juu ya ukurasa. Tuliweka ramani yenye kichwa "Hali ya Chanjo", na zahanati moja ilikuwa nyekundu. Jicho likaenda pale moja kwa moja. Lakini nyekundu ile ilionyesha kiwango kidogo cha uchanjaji, si watoto walioanza wasirudi. Zahanati hiyo ilikuwa imewapa Penta 1 watoto 40 na Penta 3 watoto 38, pungufu ya wawili tu, yaani 5%. Ile iliyokuwa ya kijani ilianza na 120 ikamaliza na 84. Watoto 36 hawakurudi, sawa na 30%, wakati ikifika 10% tu huwa tayari ni dalili ya tatizo. Gari lingepelekwa kusikohitajika. Ndiyo maana kila jibu tunaliandika kwa mafungu matatu: amepata, ameshindwa, au amekosea huku akiamini amepata. Hilo la tatu ndilo linalonikosesha usingizi, maana aliyeshindwa atapiga simu kuuliza, ila aliyekosea kwa uhakika hatauliza mtu.

Tuliishusha ramani chini. Juu tukaweka orodha ya vituo iliyopangwa kwa idadi ya watoto, yenye kichwa "Walioanza Penta 1 wasiofikia Penta 3", na robo mwaka ikatajwa pale pale. Kisha tukatafuta watu wengine watano, kwa sababu wale wa kwanza walishaijua njia. Wanne walipata bila kufika dakika moja. Wa tano alitaja kituo ambacho hakikuwa kimetuma ripoti ya mwezi mmoja, hivyo watoto wake walionekana kama wamepotea. Tangu hapo kituo kisicho na ripoti kamili tunakipaka kijivu na kukitenga na orodha.

Jaribio lifanyike kwa akaunti ya mtumiaji mwenyewe, kwenye simu au kompyuta yake, na kwa mtandao wa ofisi yake. Akaunti ya msimamizi wa mfumo huona kila kitu, kwa hiyo haikuonyeshi kwamba mratibu anafungua ukurasa na kukuta nusu ya chati ni tupu kwa kukosa ruhusa. Mara nyingi pia takwimu za dashibodi huchakatwa usiku. Aliyeingiza ripoti asubuhi haioni mchana, naye anaamua kwamba dashibodi inadanganya. Mstari mmoja unaosema takwimu ni za hadi lini huondoa manung'uniko hayo.

Watu watano wanatosha kufichua kasoro kubwa, ila hawatoshi kutangaza kwamba 80% ya watumiaji wanaielewa dashibodi. Usiiandike asilimia hiyo kwenye ripoti ya mradi. Baada ya duru mbili au tatu tunaipeleka kwanza kwenye halmashauri mbili kwa mwezi mzima, na kila siku tunaandika swali lililopigiwa simu. Swali moja likiulizwa na watu watatu tofauti, tunarudi kwenye ukurasa kabla ya kuifungulia mikoa mingine.